Kalamu, kalenda na cheti cha dawa: historia fupi ya zawadi anazopewa daktari

SEHEMU YA 1: Chupa moja badala ya mbili

Mama zangu, wiki iliyopita niliandika kuhusu homa za watoto, na mmoja wenu akaniuliza inboksi: "Sista, kwa nini daktari huyu anaandika dawa ya elfu thelathini na yule anaandika ya bure, mtoto ni yule yule?" Nikasema hili swali halijibiki kwa mistari miwili. Nitalijibu kwa sehemu, kila siku moja, mpaka liishe. Naanza na kisa nilichokiona mwenyewe. Msiniulize hospitali gani wala daktari gani, sitataja.

Alikuja mama na mtoto wa miezi 14. Kikohozi siku tatu, homa, anapumua haraka. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia kifuani kwa mama yake, nikapata 52. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka, kuanzia 40 kwenda juu tunasema anapumua haraka, na akiwa na kikohozi tunamtibu nimonia. Dawa ya kwanza kwa mtoto wa namna hii ni amoksilini, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku tano. Siku hiyo vilikuwepo dirishani, na mtoto wa chini ya miaka mitano hospitali ya serikali halipi.

Daktari hakuandika amoksilini. Aliandika dawa ya maji ya kampuni, kwa jina lake la kibiashara, chupa mbili. Dirishani haipo, nenda famasi ya ng'ambo ya barabara, shilingi elfu ishirini na nane. Mama alikuwa na elfu kumi na tano. Akanunua chupa moja, na ili isiishe mapema akawa anapunguza kipimo. Yaani mnaelewa, mama hakufanya uzembe, alifanya hesabu ya mfukoni kwake.

Siku ya nne alirudi usiku. Mtoto amelegea, hanyonyi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Tukamlaza, akawekwa oksijeni, akachomwa sindano siku kadhaa. Alipona, nasema mapema ili msikae na roho juu.

Na daktari aliyetoka nyumbani kwake saa nane usiku kuja kumhudumia mtoto yule ni yule yule aliyeandika cheti. Alikaa naye mpaka alfajiri. Ni daktari mzuri, mwanangu akiumwa namkimbilia yeye. Miezi miwili kabla ya hapo, kampuni inayotengeneza ile dawa ya chupa ilikuwa imempeleka semina siku tatu, hoteli ya ufukweni, nauli na malazi juu yao. Mezani kwake kulikuwa na kalenda ya dawa hiyo, na cheti aliandika kwa kalamu yenye jina la dawa hiyo.

Siku moja nikamwambia, kwa adabu. Akacheka: "Sista, mimi ninunuliwe na kalenda?"

Alikuwa anasema kweli, anaamini hivyo. Hapo ndipo historia inapoanza kuwa ya kuvutia.

SEHEMU YA 2: Tanzania miaka ya sabini

Wengi mlioandika jana mnasema haya mambo yameanza juzi, zamani madaktari walikuwa waadilifu. Hebu turudi nyuma kidogo, hapa hapa kwetu.

Miaka ya 1970 alikuwepo daktari Mwingereza, John Yudkin, aliyefanya kazi Tanzania. Aliangalia dawa zinavyoingia nchini na nani anawaambia madaktari wazitumie. Mwaka 1978 akachapisha alichokiona kwenye jarida la kitabibu la The Lancet. Kimojawapo ni hiki: nchi ilikuwa na mwakilishi mmoja wa kampuni za dawa kwa takriban kila madaktari wanne. Uingereza kwenyewe, kwenye kampuni na pesa zote zile, uwiano haukufikia hapo.

Wawakilishi hawa ndio sisi hospitali tunawaita marepu. Vaa nadhifu, mkoba mkubwa, anakumbuka jina la mtoto wako. Kazi yake ni kumfanya daktari aandike dawa ya kampuni yake. Sasa fikiria daktari wa wilayani enzi hizo. Hana simu ya maana, jarida la kitabibu linafika likiwa limechakaa kama linafika kabisa. Mtu pekee anayemtembelea kumweleza habari za dawa mpya ni repu. Anakuja na vipeperushi vya rangi, sampuli za bure, kalamu na kalenda. Kwa daktari yule repu alikuwa ndiye shule.

Na shule hiyo ilifundisha nini? Hapa mama zangu shikeni watoto. Kuna kundi la dawa zilizotengenezwa kwa mfano wa homoni ya kiume, zile zile wanazotumia watunisha misuli. Yudkin alionyesha kwamba Afrika dawa hizi zilikuwa zinatangazwa kwa madaktari kama tiba ya utapiamlo na kupungua uzito. Mtoto mwenye kwashakoo, ambaye shida yake ni chakula, apewe homoni.

Homoni hiyo kwa mtoto inaweza kufunga mapema sehemu za mifupa zinazorefuka. Mtoto anaonekana ananenepa kidogo, kisha anabaki mfupi maisha yake yote. Kwa mtoto wa kike inaweza kuleta ndevu, sauti nzito na mabadiliko sehemu za siri, na baadhi hayarudi. Na hayo hayakuwa siri: kwenye nchi za kampuni zenyewe madaktari walikuwa wanapewa tahadhari, na dawa hizo hazikuuzwa kwa kazi ya kunenepesha watoto. Onyo lilibaki Ulaya, tangazo likapanda meli.

Sidhani kama daktari aliyemwandikia mtoto wa Kitanzania dawa hiyo alikuwa na roho mbaya. Mama amekuja na mtoto mwembamba, daktari anatafuta cha kumsaidia, na kitu pekee alichosoma mwezi huo ni kipeperushi.

Mwaka 1977, kabla tu ya Yudkin kuchapisha, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, kama mia mbili hivi, zikiandikwa kwa majina yake halisi ya kitaalamu na siyo ya kampuni. Orodha kama hiyo ndiyo iliyotuletea amoksilini ya dirishani. Nchi inaamua kwanza ni dawa gani inafanya kazi na inanunulika, halafu daktari anaandika kutoka humo. Kampuni hazikuipenda, na unaona kwa nini.

SEHEMU YA 3: Safari ya kwenda ufukweni

Leo ndefu, chemsheni chai.

Dokta wangu alisema hawezi kununuliwa na kalenda. Madaktari wa Marekani nao walisema hivyo hivyo, na kwa bahati kuna watu waliamua kuhesabu. Walikuwa wawili, Orlowski na Wateska, wa hospitali kubwa ya Cleveland Clinic, na kazi yao ilichapishwa mwaka 1992.

Kampuni za dawa zilikuwa zinawaalika madaktari wa hospitali yao kwenye semina. Semina zenyewe zilifanyika sehemu za kitalii, hoteli za kifahari, moja pwani ya magharibi ya Marekani na nyingine visiwa vya Karibi. Kila kitu kimelipiwa. Kila semina ilihusu dawa moja mpya ya kampuni, na kila moja iliwaalika madaktari kumi wa hospitali hiyo.

Kabla hawajapanda ndege, watafiti waliwakalisha madaktari wale ishirini mmoja mmoja na kuwauliza: safari hii itabadilisha unavyoandika dawa? Wengi walisema hapana. Wanakwenda kusikiliza, kupumzika, wanarudi na akili zao zile zile.

Watafiti hawakubishana nao. Wakaenda stoo ya dawa. Hospitali ina rekodi ya kila dawa inayotoka, kwa hiyo wakafuatilia dawa hizo mbili miezi 22 kabla ya kila semina na miezi 17 baada yake. Dawa ya kwanza ilikuwa inatumika kwa wastani wa uniti 81. Baada ya semina ikawa 272. Ya pili ilikuwa 34, ikapanda mpaka 87.

Ukiwa mbishi kama mimi utasema: labda dawa zilikuwa nzuri, nchi nzima ilikuwa inazihamia. Nao waliliwaza hilo. Walilinganisha na matumizi ya dawa hizo hizo kwenye hospitali nyingine kubwa za Marekani kipindi hicho hicho. Kupanda kwa kwao kulikuwa kwa namna yake, tofauti na kwa wenzao. Kilichotofautisha ni ile safari.

Mimi hesabu ile siyo iliyonishtua, kilichonishtua ni yale mahojiano. Wale watu hawakuwa wanadanganya. Aliyepokea bahasha ili aandike dawa anajua amepokea bahasha, unaweza kumkamata. Lakini aliyekwenda ufukweni, akala vizuri, akasikiliza mtaalamu akieleza dawa kwa ufasaha, akarudi na picha za familia, huyo kichwani mwake hakuna rushwa. Kuna dawa mpya aliyojifunza, na siku mgonjwa akikaa mbele yake ndilo jina linalokuja kwanza kwenye kalamu.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2001, kwa madaktari waliokuwa bado mafunzoni. Waliulizwa: je, marepu na zawadi zao vinaathiri unavyoandika dawa? Asilimia 61 walisema mimi haviniathiri. Wakaulizwa kuhusu madaktari wenzao. Waliosema wenzangu nao haviwaathiri walikuwa asilimia 16 tu. Jamani! Kila mtu anaona kibanzi cha jirani.

Na sisi tuliolelewa na fadhila tunalijua hili kuliko mtu yeyote. Jirani akikuletea sahani ya pilau, sahani hairudi tupu. Hakuna mkataba, hakuna aliyekuambia, ila ukiirudisha tupu unasikia aibu. Kampuni inatoa sahani, na daktari hana pilau la kurudisha. Ana cheti cha dawa.

SEHEMU YA 4: Chakula cha mchana

Jana wengi mlisema hizo ni safari kubwa, wa kwetu wanapewa soda na maandazi. Sawa, tuangalie maandazi.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2010 kwamba kampuni ziripoti serikalini zinachompa daktari, na kuanzia mwaka 2014 taarifa hizo ziko wazi kwenye tovuti inayoitwa Open Payments. Mgonjwa anaandika jina la daktari wake anaona kapewa nini, na nani. Baada ya hapo watafiti walipata kitu ambacho akina Orlowski hawakuwa nacho: madaktari kwa maelfu badala ya ishirini.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliochukua madaktari karibu laki mbili na elfu themanini na kuangalia dawa nne za majina makubwa, zile ambazo pembeni yake kuna dawa nyingine za kundi hilo hilo kwa bei rahisi. Zawadi zilizohusu dawa hizo karibu zote zilikuwa chakula, na wastani wa mlo haukufika dola 20. Daktari aliyekula mlo mmoja tu wa kampuni aliandika dawa ya kampuni hiyo zaidi kuliko ambaye hakula. Aliyekula mara nyingi aliandika zaidi tena, na hivyo hivyo kwa dawa zote nne.

Hapa lazima niwe mkweli kwenu. Utafiti huu peke yake hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilichofanya. Inawezekana daktari anayeipenda dawa tayari ndiye anayekwenda kula, na repu naye anampelekea chakula anayemwona ni rafiki. Watafiti wenyewe walisema hivyo. Ndiyo maana nilianza na Cleveland, kwa sababu pale walipima kabla na baada kwenye hospitali ile ile. Ukiviweka pamoja, picha inaanza kueleweka.

Na kampuni zenyewe zinaijua picha hiyo, maana haziendi kulisha watu kwa kubahatisha. Marekani kulikuwa na biashara nzima ya kununua rekodi za famasi, kuziunganisha na majina ya madaktari, na kumpa repu ripoti kabla hajagonga mlango: huyu wiki iliyopita aliandika yetu mara ngapi na ya washindani mara ngapi. Huku kwetu sijaona mambo ya kompyuta hivyo. Ila nimemwona repu kwa macho yangu akipita famasi ya ng'ambo kwanza, anauliza chupa ngapi zimetoka, ndipo anavuka barabara kuja kwa daktari. Ni kitu kile kile kwa miguu.

Mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola bilioni tatu. Miongoni mwa makosa ni kuitangaza dawa ya msongo wa mawazo kwa watoto chini ya miaka 18, wakati haikuruhusiwa kwa umri huo, na madaktari kupelekwa hoteli za kifahari vilikuwemo kwenye mashtaka. Mwaka uliofuata, huku China nayo ikiichunguza kwa hongo, kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaacha kuwalipa madaktari wahutubie kuhusu dawa zake na itaacha kuwapima marepu kwa idadi ya vyeti. Mwaka 2018 ikalegeza lile la kulipa wahutubiaji. Nadhani wenzake walikuwa wanaendelea kualika, na viti vyake vikawa vitupu.

SEHEMU YA 5: Na sisi manesi je?

Mmoja ameniuliza swali la haki: "Sista, wewe hujawahi kupokea?"

Nimepokea. Saa ya ukutani iliyokuwa wodini kwetu ilikuwa na jina la dawa, na mimi ndiye niliyeitundika. Nimekula chakula cha semina ya kampuni zaidi ya mara moja. Sisi ili leseni ihuishwe tunatakiwa kuonyesha tumejiendeleza kimasomo. Hospitali haina bajeti ya kunipeleka mafunzo. Kampuni inaleta mtaalamu, inaleta projekta, inaleta wali kuku, na mwisho wa siku unapata cheti cha mahudhurio. Ukikataa unabaki na uadilifu wako bila mafunzo. Ndiyo maana siwezi kumnyooshea Dokta kidole kirefu sana. Aliyeacha nafasi ya shule wazi mpaka kampuni ikaikalia ni mkubwa kuliko sisi wote wawili.

Ila niliona jambo moja baada ya semina mojawapo. Mama aliniuliza dawa gani nzuri ya kikohozi cha mtoto, na kabla sijafikiri jina la dawa ya kampuni likanitoka mdomoni. Mtoto alikuwa na mafua ya kawaida, hakuhitaji dawa yoyote zaidi ya kunyonya na kusafishwa pua. Nikajirekebisha hapo hapo, lakini nilisikia lilivyotoka lenyewe.

Sasa yule mama mwenye swali la inboksi. Ukipewa cheti, uliza hivi, kwa upole kabisa: "Dokta, dawa hii jina lake lenyewe ni lipi, siyo la kampuni?" Jina la kampuni ni kama chapa ya sabuni. Jina lenyewe ndilo lililo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, na mara nyingi liko dirishani. Swali la pili: "Kuna nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo, au mtoto wangu ana sababu ya kuhitaji hii?" Wakati mwingine sababu ipo kweli. Mtoto ameshatumia amoksilini na haikumsaidia, au ina mzio kwake. Daktari mwenye sababu atakueleza bila kukasirika. Asiye na sababu mara nyingi anatulia, anaiangalia karatasi yake tena, na nimeona zaidi ya mmoja akikata na kuandika upya. Na kama hela haitoshi dozi nzima, sema pale pale ukiwa bado umekaa mbele yake. Usiende kununua nusu. Hilo nawaomba sana.

Msimwulize daktari "umelipwa na nani?" Atajisikia umemwita mwizi, na kichwani mwake yeye siyo mwizi, tumeshaona.

Dokta wangu mliyeuliza habari zake bado tupo naye. Baada ya yule mtoto kuruhusiwa nilimwomba tufungue rejista ya wagonjwa wa nje, tuhesabu watoto wa nimonia aliowaona miezi miwili kabla ya semina na miwili baada yake, na dawa alizowaandikia. Tulikaa mchana mmoja, yeye anasoma, mimi naweka alama. Katikati aliacha kucheka. Tulipomaliza alikaa kimya, kisha akaniambia, "Sista, niachie hiyo karatasi." Kalenda iliondoka ukutani wiki ile. Kalamu bado anayo, anasema inaandika vizuri, na repu bado anakuja kila Alhamisi. Ila siku hizi anasubiri kwenye benchi mpaka watoto waishe.

Maswali yenu nitayajibu kesho jioni nikitoka zamu.